Jedwali la muhtasari: Namna ya kuandaa ripoti ya kwanza ya matangazo ya mtandaoni

MFANYABIASHARA anayetangaza bidhaa zake kwenye Facebook, Instagram na Google hupata takwimu nyingi kila siku, lakini takwimu hizo si ripoti. Faili linalopakuliwa kutoka kwenye mitandao hiyo huwa na mamia ya mistari, kila mstari ukieleza kampeni moja kwa siku moja. Mwenye fedha hataki kuisoma mistari hiyo. Anachotaka kujua ni fedha yake imekwenda wapi, imeleta nini, na wiki ijayo aielekeze wapi.

Chombo kinachotumika kuligeuza faili hilo kuwa majibu ni jedwali la muhtasari, ambalo katika programu ya Excel huitwa PivotTable na katika Google Sheets huitwa Pivot table. Kazi yake ni kukusanya mistari inayofanana, kuijumlisha, na kuipanga kwa namna anayoitaka mtumiaji: kwa wiki, kwa njia iliyotumika kutangaza, au kwa lengo la tangazo.

Kulitengeneza jedwali lenyewe huchukua dakika chache. Ugumu uko kwingine. Jedwali hujumlisha chochote linachopewa, hata vitu visivyopaswa kujumlishwa, na halitoi onyo lolote. Ripoti ya kwanza ikijengwa juu ya jumla isiyo sahihi, tangazo linaloleta wateja linaweza kusimamishwa na lile lisiloleta kitu likaongezewa bajeti.

Mfano utakaotumika katika makala haya ni wa kufikirika. Ni duka la samani la Keko, jijini Dar es Salaam, lililotangaza kwa muda wa wiki nne, kuanzia Jumatatu ya Septemba 1 hadi Jumapili ya Septemba 28, 2025. Duka hilo lilikuwa na malengo mawili. La kwanza ni kupata ujumbe wa wateja kupitia WhatsApp, na la pili ni kuwafikisha watu kwenye tovuti yenye picha na bei za makochi. Malipo yote yalifanyika kwa dola za Marekani.

Kupakua takwimu

Hatua ya kwanza ni kuchagua tarehe zinazokamilisha wiki. Mtu anayepakua mwezi mzima wa Septemba 2025 atapata wiki nne kamili na siku mbili za ziada, yaani Septemba 29 na 30. Siku hizo mbili zitajitokeza katika jedwali kama wiki ya tano, na msomaji wa ripoti atadhani biashara imeporomoka ghafla. Ni heri kuziacha zisubiri ripoti inayofuata.

Katika Ads Manager, ambako matangazo ya Facebook na Instagram husimamiwa, mtayarishaji huchagua mgawanyo wa Day ili kila siku ipate mstari wake, kisha mgawanyo wa Platform ili Facebook na Instagram zitenganishwe. Bila mgawanyo huo wa pili, mitandao hiyo miwili itachanganywa katika mstari mmoja na haitawezekana kuitenganisha baadaye. Upande wa Google Ads, ripoti ya kampeni nayo hupakuliwa ikiwa imegawanywa kwa Day.

Mtego wa kwanza uko hapa. Mafaili haya yanaweza kuja na mistari ya jumla. Faili la Google Ads huwa na mistari ya kichwa cha ripoti juu, na chini yake mistari inayoanza na neno Total. Faili la Ads Manager nalo linaweza kubeba mstari wa muhtasari iwapo mpakuaji ameruhusu. Mistari hiyo isipofutwa, jedwali huihesabu kama siku nyingine ya matangazo. Duka la Keko lilitumia dola 480 kwenye Facebook na Instagram, na dola 240 kwenye Google, jumla dola 720. Mstari mmoja wa muhtasari wa Ads Manager ukiachwa ndani, jumla itasomeka dola 1,200, kwa kuwa zile 480 zimehesabiwa mara mbili.

Karatasi moja yenye safu sita

Mafaili mawili yenye vichwa tofauti hayawezi kutoa jedwali moja. Kile ambacho Ads Manager hukiita Amount spent, Google Ads hukiita Cost. Kwa hiyo takwimu zote huhamishiwa kwenye karatasi moja, zikiwa chini ya safu hizi: Siku, Kampeni, Njia, Gharama, Matokeo na Lengo. Kila safu huwa na kichwa kimoja, na kusiwe na mstari mtupu katikati.

Safu ya Njia hujazwa kwa jina la mtandao: Facebook, Instagram au Google. Maandishi hayo hayana budi kufanana kabisa. Nafasi moja tupu iliyoachwa mwishoni mwa neno hutosha kulifanya jedwali lionyeshe Instagram mbili, kila moja na hesabu yake. Anayeliona jina moja likijirudia katika jedwali ajue tatizo ni hilo, na fomula ya TRIM huiondoa nafasi hiyo.

Safu ya Matokeo inahitaji uangalifu zaidi. Kwa kampeni za ujumbe, tokeo ni mazungumzo yaliyoanzishwa na mteja, ambayo Ads Manager huyaonyesha kwa jina la Messaging conversations started. Kwa kampeni za tovuti, tokeo ni mbofyo unaompeleka mtu kwenye tovuti. Hapo safu inayotakiwa ni Link clicks, wala si Clicks (all). Hii ya pili huhesabu pia mibofyo mingine, kama ya wanaopenda tangazo au wanaofungua maelezo marefu, kwa hiyo hailingani na mibofyo ya Google.

Safu ya Lengo huongezwa kwa mkono. Mtu anaweza kudhani kuwa jina la lengo lililomo ndani ya Ads Manager linatosha, lakini sivyo. Tangu mwaka 2022, kampuni ya Meta ilipoanza kuyapunguza malengo ya matangazo hadi sita, kampeni za ujumbe zimekuwa zikiweza kuwekwa chini ya Engagement, kundi ambalo hubeba pia kampeni za video na za kupata maoni. Aidha, Google Ads ina utaratibu wake wa kutaja malengo, usiofanana na huo.

Dawa yake ni karatasi ndogo ya pili, iliyopewa jina Orodha, yenye safu mbili: jina la kampeni kama lilivyo kwenye faili, na lengo lake kwa Kiswahili chepesi, yaani Ujumbe au Tovuti. Kisha katika karatasi kuu, ambako Kampeni iko safu ya B, fomula ifuatayo hulileta lengo lenyewe:

```
=VLOOKUP(B2,Orodha!A:B,2,FALSE)
```

Panapotokea alama ya #N/A, maana yake ni kwamba kampeni hiyo haijaandikwa katika Orodha au jina lake limeandikwa tofauti. Alama hiyo ni msaada, kwani huonyesha kampeni iliyosahauliwa kabla ripoti haijamfikia mwenye duka.

Kuipata wiki

Excel ina fomula ya WEEKNUM inayotoa namba ya wiki, lakini isipoelekezwa vinginevyo huanza wiki siku ya Jumapili. Ipo pia ISOWEEKNUM, inayoanza Jumatatu, ila namba zake huchanganya mwisho wa mwaka. Jumatatu ya Desemba 30, 2024, kwa mfano, huhesabiwa kuwa katika wiki ya 1, ile ya mwaka 2025. Ripoti inayovuka mwaka itaiweka siku hiyo mahali pasipo pake.

Njia iliyo salama ni kuipa kila siku tarehe ya Jumatatu ya wiki yake. Kama Siku iko katika safu ya A, safu mpya iitwayo Wiki hujazwa hivi:

```
=A2-WEEKDAY(A2,2)+1
```

Kwa fomula hiyo, siku zote kuanzia Septemba 8 hadi 14 zitaandikwa Septemba 8, na msomaji hatahitaji kuuliza wiki ya 37 ni ipi. Jibu likionekana kama namba yenye tarakimu tano, hakuna kilichoharibika. Kisanduku kinahitaji tu kupewa muundo wa tarehe.

Fomula ikijibu #VALUE!, tarehe iliyomo si tarehe machoni pa kompyuta bali ni maandishi. Dalili nyingine ni kwamba tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi hukaa kushoto. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyotoa kosa lolote: faili lililoandikwa kwa mtindo wa mwezi kutangulia siku, likafunguliwa kwenye kompyuta inayotanguliza siku, huigeuza Septemba 8 kuwa Agosti 9. Baada ya kutengeneza safu ya Wiki, ni vema kuhakikisha kuwa zimo Jumatatu nne tu: Septemba 1, 8, 15 na 22. Ya tano ikionekana, kuna tarehe iliyopinduka.

Jedwali la ukaguzi

Kabla ya ripoti, hutengenezwa jedwali dogo la kukagua. Katika Excel, mtayarishaji huweka kishale ndani ya takwimu na kubonyeza Ctrl+T ili ziwe jedwali rasmi linaloongezeka lenyewe mistari mipya inapoingizwa. Kisha huenda kwenye menyu ya Insert na kuchagua PivotTable. Njia huburutwa hadi kwenye kisanduku cha Rows, na Gharama hadi kwenye Values.

Kwa duka la Keko majibu yanapaswa kuwa Facebook dola 330, Instagram dola 150 na Google dola 240. Namba hizo hulinganishwa na zile zinazoonekana kwenye Ads Manager na Google Ads kwa tarehe hizohizo. Zisipolingana, kazi husimama hapo hadi sababu ijulikane. Hakuna faida ya kuendelea na jedwali ambalo fedha yake haifanani na fedha iliyolipwa.

Jedwali likiandika Count of Gharama badala ya Sum of Gharama, limeonyesha idadi ya mistari na si dola. Mara nyingi chanzo ni gharama zilizoingia kama maandishi, pengine kwa sababu ya alama ya dola au mkato uliokaa mahali pa nukta. Kuibadilisha Count kuwa Sum bila kuisafisha safu hakutasaidia, kwa kuwa mistari hiyo itahesabiwa kuwa sifuri.

Bei ya tokeo moja

Mwenye duka atauliza ujumbe mmoja umemgharimu kiasi gani. Wengi hujibu swali hilo kwa kuigawa gharama kwa matokeo katika kila mstari, kisha kuliagiza jedwali litoe wastani. Jibu linalopatikana huwa na sura ya ukweli, lakini si sahihi.

Chukua siku mbili. Jumatatu zilitumika dola 10 na ikapatikana mibofyo 200, yaani senti 5 kila mmoja. Jumapili zilitumika dola 2 na ikapatikana mibofyo 10, yaani senti 20 kila mmoja. Wastani wa 5 na 20 ni senti 12.5. Ukweli ni kwamba zimetumika dola 12 kwa mibofyo 210, ambayo ni chini kidogo ya senti 6. Wastani ule umeipa Jumapili yenye mibofyo 10 uzito sawa na Jumatatu yenye mibofyo 200.

Kwa sababu hiyo, kugawanya hufanywa ndani ya jedwali, baada ya kujumlisha. Katika Excel, kwenye menyu ya PivotTable Analyze, huchaguliwa Fields, Items & Sets, kisha Calculated Field, na kuandikwa fomula hii:

```
=Gharama/Matokeo
```

Excel huijumlisha kwanza Gharama, ikayajumlisha Matokeo, ndipo ikagawanya. Katika Google Sheets huongezwa Calculated Field kwenye Values, huchaguliwa Custom katika sehemu ya Summarize by, na fomula huandikwa hivi:

```
=SUM(Gharama)/SUM(Matokeo)
```

Lengo hutangulia

Katika jedwali la ripoti, Lengo huwekwa juu kabisa ya Rows, Njia hufuata chini yake, na Wiki huwekwa kwenye Columns. Kwenye Values huingia Gharama, Matokeo na bei ya tokeo moja.

Mpangilio huo una sababu yake. Duka la Keko lilipata mazungumzo 176 kwa dola 300, na mibofyo ya tovuti 3,800 kwa dola 420. Ukiyajumlisha yote, utapata matokeo 3,976 kwa wastani wa senti 18. Namba hiyo haielezi kitu chochote, kwani mtu aliyebofya picha na mtu aliyeandika kuulizia bei ya kochi si tokeo la aina moja. Lengo likitangulia, kila aina ya tokeo hubaki katika fungu lake. Jumla kuu ya chini huondolewa kwa kuchagua On for Rows Only katika Grand Totals, iliyo kwenye menyu ya Design. Jumla ya wiki nne iliyo upande wa kulia hubaki, nayo ni halali ndani ya kila lengo.

Hali kadhalika, idadi ya watu waliofikiwa, ambayo Ads Manager huiita Reach, haiingizwi katika jedwali hili. Mtu aliyeliona tangazo wiki ya kwanza akaliona tena wiki ya tatu ni mtu mmoja, lakini jedwali litamhesabu kuwa wawili. Namba hiyo husomwa moja kwa moja kwenye Ads Manager kwa kipindi chote, bila kugawanywa kwa siku.

Wiki ya nne ilikuwa na nini?

Kwa lengo la Ujumbe, duka lilitumia dola 75 kila wiki. Wiki ya kwanza yalipatikana mazungumzo 46, ya pili 45, ya tatu 45, na ya nne 40. Bei ya mazungumzo moja ilikuwa dola 1.63, kisha 1.67 kwa wiki mbili mfululizo, halafu ikapanda hadi 1.88. Mwenye kuziona namba hizo peke yake atasema kuwa watu wamelichoka tangazo na kwamba picha zibadilishwe.

Njia ikifunguliwa chini ya lengo hilo, picha hubadilika:

| Wiki | Facebook: dola | Mazungumzo | Instagram: dola | Mazungumzo |
|---|---|---|---|---|
| Septemba 1 | 60 | 40 | 15 | 6 |
| Septemba 8 | 57 | 38 | 18 | 7 |
| Septemba 15 | 55 | 37 | 20 | 8 |
| Septemba 22 | 38 | 25 | 37 | 15 |

Kwenye Facebook mazungumzo moja yaligharimu takriban dola 1.50 katika wiki zote nne. Kwenye Instagram yaligharimu takriban dola 2.50 katika wiki zote nne. Hakuna mtandao ulioongeza bei. Kilichobadilika ni mgawanyo wa fedha: wiki ya nne, karibu nusu ya dola 75 zilikwenda Instagram, ilhali wiki ya kwanza ilikuwa sehemu moja kwa tano tu. Wastani ulipanda kwa sababu hiyo peke yake.

Basi sentensi ya ripoti haitakuwa "tangazo limechokwa", bali "fedha za ujumbe zimehamia Instagram, ambako mazungumzo moja hugharimu dola 1 zaidi". Kauli hizo mbili huzaa maamuzi mawili tofauti. Ya kwanza ingelitupa tangazo ambalo bado linafanya kazi. Ya pili inamtaka msimamizi aangalie kwa nini fedha zilihama, pengine kwa mgawanyo wa moja kwa moja unaofanywa na mtandao wenyewe.

Mipaka ya jedwali

Jedwali huonyesha bei ya tokeo, wala halionyeshi thamani yake. Kwa lengo la Tovuti, mbofyo mmoja uligharimu senti 5 kwenye Facebook, senti 7.5 kwenye Instagram na senti 40 kwenye Google. Hata hivyo, si haki kuhitimisha kwamba Google ni hasara. Aliyebofya kwenye matokeo ya utafutaji huenda alikuwa amekwisha kuandika kwamba anatafuta kochi, wakati wa Facebook alikutana na picha akipita. Faili la matangazo halisemi nani alinunua. Jibu limo katika daftari la oda za duka, na mpaka likaunganishwa na takwimu hizi, ripoti haina budi kuishia kwenye bei ya mbofyo.

Jambo jingine huwahusu wale wanaopima mauzo au oda kupitia Google Ads. Safu ya Conversions huiandika oda katika siku ambayo tangazo lilibofywa, hata kama mteja ameagiza siku nyingi baadaye. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya ripoti huonekana dhaifu kuliko ilivyo, na namba yake huongezeka faili linapopakuliwa tena. Tarehe ya kupakua huandikwa juu ya ripoti ili anayelinganisha baadaye ajue kwa nini namba hazifanani.

Mwisho, mistari ya wiki mpya inapoongezwa, jedwali la Excel huenda lisijibadilishe lenyewe. Hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchaguliwa Refresh. Baada ya hapo jedwali la ukaguzi hutazamwa tena, fedha ilinganishwe na iliyolipwa, ndipo ripoti itumwe.